Kubadilisha watia sahihi wa akaunti ya kikundi: barua ya benki na azimio linaloandamana nayo

Kikundi kikishachagua viongozi wapya, wengi hudhani kazi imekwisha na kinachobaki ni kuipelekea benki barua ya kuwajulisha. Wanafika kwenye kaunta na barua ya ukurasa mmoja, nayo inarudishwa. Sababu ni kwamba benki haiwatambui viongozi wenu kama viongozi. Inachotambua ni maagizo ya akaunti mliyoyaacha siku mlipoifungua, yale ambayo wafanyakazi wa tawi huyaita mandeti: nani anatia sahihi, na sahihi ngapi zinatosha kutoa pesa. Maagizo hayo yanabaki na nguvu hadi benki ishike karatasi inayoonyesha kwamba wenye akaunti wenyewe, kwa kufuata katiba yao, wameamua vingine. Karatasi hiyo ni azimio la mkutano. Barua kazi yake ni kulibeba azimio hadi tawini na kueleza benki ifanye nini nalo.

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Kikundi cha kuweka akiba kiko Kayole, kina wanachama 24, na akaunti yake iko katika tawi moja la katikati ya Nairobi. Watia sahihi ni watatu: mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na wawili wowote kati yao wanatosha. Kwenye mkutano mkuu wa mwaka, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, mwenyekiti anarudi kitini, lakini katibu na mweka hazina wanabadilishwa.

Kabla ya mkutano

Nendeni tawini mapema mkachukue fomu ya kubadilisha watia sahihi. Kila benki ina fomu yake, na bila hiyo barua yenu, hata iwe nzuri vipi, haitashughulikiwa. Mkiwa hapo, ombeni kuthibitishiwa mambo matatu: jina la akaunti lilivyoandikwa kwenye mfumo wao, akaunti zote zilizo chini ya jina hilo, na maagizo ya sasa yanasemaje. Vikundi vingi vina akaunti ya pili ya akiba ya muda maalumu ambayo kila mtu ameisahau. Msipoitaja kwenye azimio, itabaki mikononi mwa viongozi wa zamani.

Ulizeni pia lugha. Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Kifungu cha 7 cha Katiba ya Kenya ya 2010, na kikundi kina haki ya kuandika kumbukumbu zake kwa Kiswahili. Lakini fomu za benki nyingi ni za Kiingereza, na faili lenu huenda likapitiwa na ofisi ya makao makuu ambako mhusika atataka kusoma haraka. Tawi likiomba tafsiri, iambatisheni, lakini kumbukumbu zenyewe ziacheni katika lugha zilimoandikwa. Kuandika upya kumbukumbu baada ya mkutano kunaleta maswali yasiyo ya lazima.

Halafu someni katiba yenu, hasa vifungu viwili: kile kinachosema taarifa ya mkutano itolewe siku ngapi kabla, na kile kinachotaja akidi, yaani idadi ya chini ya wanachama wanaopaswa kuwepo. Kikundi chetu cha mfano kinadai taarifa ya siku 21 na akidi ya theluthi mbili. Theluthi mbili ya 24 ni 16. Kwa hiyo taarifa lazima iwe imewafikia wanachama kufikia tarehe 21 Februari, na lazima iwe na ajenda inayosema waziwazi "kubadilisha watia sahihi wa akaunti ya benki". Jambo hilo likiingizwa kwenye "mengineyo", aliyeshindwa uchaguzi atapata hoja ya kupinga azimio zima, na benki ikisikia kuna pingamizi husimamisha kila kitu.

Azimio lenyewe

Kosa tunaloliona kuliko yote ni kumbukumbu zinazosema tu: "Mkutano ulikubaliana viongozi wapya wawe watia sahihi." Sentensi hiyo haiisaidii benki. Haisemi nani anaondoka, haisemi majina, haisemi akaunti gani, na muhimu zaidi haisemi watatia sahihi wangapi kwa pamoja. Azimio linalofanya kazi linajibu maswali hayo yote bila kumlazimu msomaji kukisia:

> AZIMIO NAMBA 3/2026 LA MKUTANO MKUU WA MWAKA
>
> Jina la kikundi: [kama lilivyo kwenye cheti cha usajili]
> Namba ya usajili: [..........]
>
> Katika mkutano mkuu wa mwaka uliofanyika Kayole, Nairobi, Jumamosi tarehe 14 Machi 2026, uliohudhuriwa na wanachama 19 kati ya 24, akidi ya wanachama 16 ikiwa imetimia kwa mujibu wa katiba ya kikundi, iliazimiwa kwamba:
>
> 1. Wafuatao waondolewe kuwa watia sahihi wa akaunti namba [..........] na namba [..........] katika Benki ya [..........], Tawi la [..........]:
> [majina kamili, namba ya kitambulisho], aliyekuwa katibu;
> [majina kamili, namba ya kitambulisho], aliyekuwa mweka hazina.
>
> 2. Wafuatao wawe watia sahihi wapya wa akaunti hizo:
> [majina kamili, namba ya kitambulisho], katibu;
> [majina kamili, namba ya kitambulisho], mweka hazina.
>
> 3. [Majina kamili, namba ya kitambulisho], mwenyekiti, aendelee kuwa mtia sahihi.
>
> 4. Malipo yote yafanywe kwa sahihi za watu wawili wowote kati ya watatu waliotajwa katika ibara ya 2 na ya 3.
>
> 5. Mabadiliko haya yaanze kutumika yote kwa pamoja siku benki itakapoyaingiza kwenye mfumo wake, na itoe taarifa kwa maandishi.
>
> 6. Haki zote za waliotajwa katika ibara ya 1 za kuona au kuendesha akaunti hizi kwa simu au mtandao zifutwe siku hiyohiyo.
>
> Waliopendekeza na kuunga mkono: [majina]. Kura za ndiyo 17, za hapana 0, wasiopiga 2.

Ibara ya 3 huachwa mara nyingi kwa sababu mwenyekiti habadiliki. Iandikeni. Benki nyingi huchukua azimio jipya kuwa linafuta maagizo yote ya zamani, na mtu asiyetajwa humo anaweza kujikuta nje.

Ibara ya 4 ndiyo ya kujadiliwa sana mkutanoni. "Wote watatu" husikika kama ulinzi mkubwa, lakini mmoja akisafiri kwenda mazishi kijijini kwa wiki mbili, kikundi hakiwezi kutoa hata mkopo mdogo. "Wawili wowote" huenda vizuri mradi hao watatu wasiwe na wawili wanaotoka nyumba moja. Mume na mke, au mama na binti yake, wakiwa watia sahihi wawili kati ya watatu, ulinzi wenu umebaki karatasini tu. Kuna vikundi vinavyotaka sahihi ya mweka hazina iwe lazima. Hilo linafaa ikiwa mweka hazina hupatikana Nairobi wakati wote. Akiugua ghafla, akaunti itasimama naye.

Ibara ya 5 ina uamuzi unaostahili kufikiriwa. Kama wanaoondoka wameachana na kikundi kwa amani, mabadiliko yote yaanze kwa pamoja, ili kikundi kiendelee kulipa wakati benki inashughulikia faili. Kama kuna wasiwasi juu ya pesa, andikeni kwamba wanaoondoka wasitishwe mara tu benki itakapopokea azimio. Lakini jueni matokeo yake: katika mfano wetu atabaki mwenyekiti peke yake, naye hawezi kutoa pesa kwa sahihi moja. Akaunti itafungika mpaka wapya waingizwe. Kama kuna malipo ya lazima wiki hiyo, yafanyeni kabla.

Kuhusu majina, jambo moja tu, lakini ndilo linalorudisha barua nyingi. Kikundini mtu anajulikana kama Mama Wanjiku au Baba Otieno, na katibu ameandika hivyo kwenye orodha ya mahudhurio tangu mwanzo. Kwenye azimio, barua na fomu, jina liwe lilelile la kitambulisho, majina yote, kwa mpangilio uleule. Herufi moja ikitofautiana na ya cheti cha pini ya KRA, benki itataka maelezo. Ni rahisi zaidi kukagua vitambulisho mezani siku ya mkutano kuliko kurudi mjini mara tatu.

Dondoo na kumbukumbu

Benki haihitaji kusoma mlivyobishana kuhusu mikopo iliyochelewa. Ipelekeeni dondoo: kurasa zinazoonyesha tarehe na mahali, orodha ya waliohudhuria, matokeo ya uchaguzi, na azimio lenyewe. Kumbukumbu kamili zibaki kwenye faili, na muwe tayari kuzionyesha mkiombwa.

Dondoo itiwe sahihi na mwenyekiti wa mkutano na katibu aliyeandika kumbukumbu, pamoja na muhuri na tarehe. Hapo watu hukwama: ni katibu yupi? Katika mfano wetu, aliyeandika kumbukumbu za tarehe 14 Machi ni katibu anayeondoka. Yeye ndiye anayethibitisha kwamba hivyo ndivyo mkutano ulivyoamua, kwa hiyo yeye ndiye anayetia sahihi. Katibu mpya anaweza kuongeza sahihi yake chini, lakini haichukui nafasi ya ile ya kwanza. Ambatisheni orodha ya mahudhurio yenye sahihi za wote 19. Mkisema walihudhuria 19 na orodha ikawa na sahihi 17, afisa wa benki atahesabu, na atairudisha.

Ofisi ya maendeleo ya jamii

Kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 kipeleke viongozi wapya kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii ya kaunti ndogo yake kabla ya kwenda benki. Bebeni cheti cha usajili, kumbukumbu, orodha ya viongozi wapya na nakala za vitambulisho vyao. Mnachotafuta ni barua ya ofisi hiyo kwa benki, inayosema kikundi kinajulikana na hawa ndio viongozi wake wa sasa. Matawi mengi hayawezi kuendelea bila barua hii, kwa sababu ndiyo sauti pekee iliyo nje ya kikundi inayothibitisha uchaguzi ulifanyika. Kagueni cheti chenu hapohapo. Kama muda wake umekwisha, kihuisheni kwanza, maana benki itautazama mwaka wa cheti kabla ya kutazama kingine.

Shirika lenu likiwa la aina nyingine, hoja ni ileile ila mlango unabadilika. Kampuni huchukua hati ya CR12 kupitia eCitizen kuonyesha wakurugenzi wake, na azimio hutoka kwa bodi. Chama kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama hupeleka mabadiliko ya viongozi kwa Msajili wa Vyama.

Barua

Barua iwe fupi. Iandikwe kwenye karatasi yenye jina na anwani ya kikundi, ielekezwe kwa meneja wa tawi linaloshika akaunti, wala si tawi lililo karibu na nyumba ya katibu.

> Jumatano, 18 Machi 2026
>
> Meneja wa Tawi,
> Benki ya [..........], Tawi la [..........],
> Nairobi.
>
> KUH: KUBADILISHA WATIA SAHIHI WA AKAUNTI NAMBA [..........] NA NAMBA [..........], KWA JINA LA [..........]
>
> Tunaomba mbadilishe watia sahihi wa akaunti zilizotajwa hapo juu kwa mujibu wa Azimio Namba 3/2026 la mkutano mkuu wetu wa tarehe 14 Machi 2026, ambalo tumeliambatisha.
>
> Wanaoondolewa: [majina na namba za vitambulisho]
> Wanaoingia: [majina, namba za vitambulisho na namba za simu]
> Anayeendelea: [jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu]
>
> Kuanzia tarehe mtakapoingiza mabadiliko haya, malipo yafanywe kwa sahihi za wawili wowote kati ya watatu hawa: wanaoingia wawili na anayeendelea.
>
> Hundi zifuatazo zilitolewa na watia sahihi wa zamani na bado hazijawasilishwa. Tunaomba zilipwe zitakapofika: [namba ya hundi, tarehe, mlipwaji, kiasi].
>
> Tafadhali futeni haki za wanaoondoka za kuendesha akaunti kwa simu na mtandao, badilisheni namba ya kupokea ujumbe wa miamala iwe [..........], na mtujulishe kwa maandishi tarehe ambayo mabadiliko yameanza.
>
> Wenu waaminifu,
>
> [Sahihi za watia sahihi wa sasa, kwa kufuata maagizo yaliyopo]
> [Sahihi za mwenyekiti na katibu mpya, na muhuri]
>
> Viambatisho: 1. Azimio na dondoo ya kumbukumbu. 2. Orodha ya mahudhurio. 3. Nakala ya cheti cha usajili. 4. Nakala ya katiba. 5. Barua ya ofisi ya maendeleo ya jamii. 6. Nakala za vitambulisho, vyeti vya pini ya KRA na picha za watia sahihi wapya. 7. Fomu ya benki iliyojazwa.

Sehemu ya sahihi ndiyo moyo wa barua. Barua hii ni agizo juu ya akaunti, na agizo juu ya akaunti hutolewa kwa maagizo yaliyopo leo, ambayo ni wawili kati ya watatu wa zamani. Mwenyekiti yumo, lakini peke yake hatoshi. Lazima mmoja wa wanaoondoka atie sahihi pamoja naye. Ndiyo maana mfano wetu una siku ya makabidhiano, Jumatano ya tarehe 18, siku nne tu baada ya uchaguzi, wakati watu bado wanaongea. Mkingoja miezi miwili, aliyekuwa mweka hazina atakuwa amehamia Nakuru au hapokei simu. Msijaribu kurahisisha kwa kumwomba atie sahihi karatasi tupu kabla ya uchaguzi. Karatasi tupu yenye sahihi ya mtia sahihi wa akaunti ni hatari kwake na kwa kikundi.

Sahihi yake ifanane na ile iliyo kwenye kadi ya benki. Mtu aliyefungua akaunti miaka minane iliyopita huenda leo anaandika tofauti. Akiwa na shaka, aende tawini mwenyewe na kitambulisho, atie sahihi mbele ya afisa.

Orodha ya hundi inaonekana ndogo, lakini ina sababu. Hundi iliyotolewa Februari kwa fundi wa mahema inaweza kuwasilishwa Aprili. Siku hiyo benki italinganisha sahihi na kadi mpya, haitaikuta, na itairudisha bila kulipwa. Hundi hukaa miezi sita tangu tarehe yake kabla ya kuchakaa, hivyo rudini nyuma miezi sita kwenye vishina vya kitabu cha hundi mkazitafute zote. Kama ni moja au mbili, ni afadhali kuziomba zirudi na kuziandika upya baada ya mabadiliko.

Siku ya kwenda tawini

Waende kwa pamoja wote watatu watakaotia sahihi, yaani mwenyekiti na wawili wapya. Wabebe vitambulisho halisi, maana nakala zitalinganishwa navyo, na watie sahihi za mfano mbele ya afisa. Sheria ya mwaka 2009 ya kuzuia utakatishaji wa pesa inailazimu benki kumjua kila anayeendesha akaunti, kwa hiyo msishangae mkiulizwa kazi ya kila mmoja, anakoishi na pesa za kikundi zinatoka wapi. Mjibu vilevile wote.

Pelekeni faili mbili zinazofanana. Moja inabaki benki, na ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kila ukurasa wa barua na azimio. Bila muhuri huo hamtaweza kuonyesha ni lini benki ilijua kwamba mtu fulani si mtia sahihi wenu tena, na hilo ndilo swali la kwanza pesa zikitoka vibaya katikati.

Anayeondoka akikataa, au akiwa amefariki

Akiwa amefariki, ambatisheni nakala ya cheti cha kifo na mkionyeshe halisi. Azimio liseme ameondolewa kwa sababu hiyo. Kama wawili wengine wa zamani bado wapo, sahihi zao zinatosha katika mfano wetu.

Akikataa, msimwigize sahihi na msidai amesafiri. Kwenye mfano wetu, mwenyekiti akitia sahihi pamoja na katibu wa zamani, mweka hazina aliyekataa hahitajiki. Wakikataa wote wawili, barua itiwe sahihi na mwenyekiti na viongozi wapya, ieleze wazi kwamba waliotajwa waliombwa tarehe fulani na hawakukubali, na iambatane na barua ya ofisi ya maendeleo ya jamii inayothibitisha uchaguzi. Benki huenda ikapeleka suala kwa wanasheria wake. Wakati huohuo tarajieni jambo moja: aliyekataa akiiandikia benki kupinga uchaguzi, benki ina maagizo mawili yanayogongana na itaifunga akaunti hadi mpatane au mahakama iamue. Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua ya namna hii, mjaribu kikao kimoja cha upatanisho mbele ya afisa wa maendeleo ya jamii, na kiandikiwe kumbukumbu.

Baada ya benki kuthibitisha

Msiamini ujumbe wa simu kwamba "imekamilika". Ombeni barua au barua pepe yenye majina matatu na namna ya kutia sahihi, na muisome neno kwa neno, kwa sababu "wawili wowote" huingizwa kimakosa kama "wote". Kisha fanyeni malipo madogo, kwa mfano shilingi 1,000 kwa mlipwaji mnayemjua, yaliyotiwa sahihi na katibu mpya na mweka hazina mpya bila mwenyekiti. Yakipita, mnajua sahihi zote mbili mpya zimeingia na kwamba mwenyekiti hajawekwa kuwa wa lazima. Wanaoondoka wajaribu kuingia kwenye huduma ya simu ya akaunti mbele yenu. Ikikubali, rudini tawini siku hiyohiyo na nakala yenu yenye muhuri.

Mwisho, kitabu cha hundi kilichobaki kihesabiwe kishina kwa kishina, namba ya hundi ya kwanza na ya mwisho ambazo hazijatumika ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano, na itiwe sahihi na mweka hazina wa zamani na mpya.